Wimbo humpa mtoto maneno, sarufi mpime shambani

Mtoto wa Tandahimba anayeongea Kimakonde nyumbani, akifuatisha Bongo Fleva kila siku, huokota maneno ya Kiswahili na mapigo yake: kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Lakini nyimbo nyingi za mapenzi ni "mimi" akimwambia "wewe". Miti na vitu havitajwi sana, hivyo upatanisho wake hausikiki vya kutosha.

Mzazi, mpime mkiwa shambani. Sema, "Mkorosho huu umechanua," kisha aseme kwa wingi. Akijibu, "Mikorosho hii imechanua," ameelewa. Akisema, "Mikorosho huu umechanua," amebadili jina tu. Usimkemee, rudia sentensi sahihi, kisha mjaribu na "Bibo hili limeiva." Jibu ni "Mabibo haya yameiva."