Je, Wajua? Volteji Huhesabika

Volteji inaweza kupimwa kwa kuhesabu tu mapigo ya umeme.

Volteji inayopimwa husukuma mkondo kupitia rezista hadi kwenye kapasita ya saketi ya kukusanya chaji. Volteji ya kutokea hupanda taratibu, kama maji ndani ya kopo lililowekwa chini ya bomba. Ikigusa kiwango kilichowekwa, kilinganishi hufunga swichi, kapasita inamwaga chaji yote, na safari inaanza upya. Kila mmwago ni pigo moja.

Chukua rezista ya kiloomu 100, kapasita ya nanofaradi 1 na kiwango cha volti 10. Volti 1 hutoa mapigo 1,000 kwa sekunde, volti 2.75 hutoa 2,750. Yaani hesabu ya sekunde moja ndiyo milivolti zenyewe!

Kasoro iko kwenye swichi. Ikichukua mikrosekunde 2 kumwaga, volti 1 hupoteza mapigo 2 tu, lakini volti 10 hutoa takriban 9,804 badala ya 10,000. Dalili yake ni rahisi kuiona: ukiongeza volteji maradufu, mapigo hayafiki maradufu.