Hojaji Ikigoma, Msimamizi Aandikiwe Nini?

Tuchukue mwanafunzi wa uzamili anayetafiti kama mikopo ya vikoba inawainua mama lishe wa Dar es Salaam. Katika utafiti wa majaribio amehoji 24, kwa hojaji yenye ngazi 5. Karatasi zinarudi, na 21 kati yao wametia tiki "nakubali kabisa" karibu kila mahali. Kama wote wamejibu sawasawa, hakuna cha kulinganisha. Mkopo uwe mkubwa au mdogo, jibu ni lile lile.

Hapo wengi huandika haraka: "Samahani, data ni mbaya, naomba kubadili mada." Barua kama hiyo inamtwisha msimamizi mizigo miwili, kukisia kilichoharibika na kubuni mada mpya. Naye swali lake la kwanza linajulikana: ubovu uko kwenye mada au kwenye hojaji? Wakati mwingine ni kosa dogo tu. Maswali yaliyoulizwa kwa kukanusha yasipogeuziwa alama kabla ya hesabu, alfa ya Cronbach, kipimo cha kuona kama maswali yanashikamana, hushuka vibaya, pengine hata chini ya sifuri. Hilo hurekebishwa kwa dakika chache, na mada inabaki.

Kwa mwanafunzi wetu alama ziko sawa. Kasoro ni kwamba mama lishe walihojiwa mbele ya mwenyekiti wao. Nani angelalamika? Lakini akiwa pale aliona kitu: katibu ana daftari la marejesho, lenye tarehe, kiasi na faini za waliochelewa. Basi barua pepe yake iwe hivi:

"Dkt., shikamoo. Nimehoji mama lishe 24. 21 wamejibu 'nakubali kabisa' karibu kila swali. Alama nimezikagua, hazina kosa. Nadhani walimwogopa mwenyekiti, lakini hata faragha haitanipa kipato chao halisi, kwa kuwa hawakiandiki popote. Marejesho wanayaandika. Naomba kuhamia swali hili: ucheleweshaji wa marejesho unafuata msimu gani wa biashara? Mapitio ya maandishi kuhusu vikoba yatabaki. Sura ya mbinu nitaiandika upya. Nimeambatanisha jedwali la majibu. Naomba dakika 20 wiki hii."

Ona kwamba hajaomba radhi. Amesema kilichotokea, amefunga mlango wa "rudia tu hojaji", kisha ametaja kinachobaki na kinachoondoka. Ningemwongezea sentensi moja kuhusu kibali, maana kilitolewa kwa mada ya zamani na kwa kuhoji watu. Kusoma daftari lenye majina ni jambo jingine, linahitaji idhini ya kikundi na pengine maombi mapya kwa kamati ya maadili. Hilo linaweza kula wiki kadhaa, na ni heri msimamizi alijue kabla hajakubali.

Asishangae jibu likiwa fupi: "Kaombe ukurasa mmoja wa daftari, funika majina, uje nao."