Mstari Ukibadilika Bila Kuacha Tarehe

Tuchukue mamlaka ya maji yenye wateja 80,000. Kila usiku jedwali la wateja linanakiliwa kutoka kanzidata ya ankara kwenda kanzidata ya ripoti. Ili isibebe mistari yote, programu ya kunakili huuliza ni ipi iliyoguswa tangu jana, ikitazama safu ya `updated_at`. Shida ni kwamba tarehe hiyo huandikwa na mfumo wa dirishani tu. Fundi akiingia moja kwa moja kwenye kanzidata na kuwabadilishia bei wateja wa mtaa mzima kwa amri moja, bei inabadilika lakini tarehe inabaki ya mwaka juzi. Ripoti itaendelea kuonyesha bei ya zamani, na hakuna kosa litakalotokea kwenye skrini.

Pale tarehe isipoaminika, kinachobaki kuaminika ni maandishi ya mstari wenyewe. Unaunganisha thamani za safu zote, kisha unazipitisha kwenye kanuni ya heshi kama MD5, ambayo hutoa alama ya herufi 32 hata mstari uwe mrefu kiasi gani. Ni kama alama ya kidole: maandishi yaleyale hutoa alama ileile, na tarakimu moja ikibadilika, alama nzima inakuwa nyingine. Usiku unaofuata unakokotoa upya na kulinganisha na alama uliyoihifadhi kwa namba ileile ya mteja.

Kazi nzito iko kwenye kule kuunganisha. Katika PostgreSQL, wengi huanza hivi:

```sql
md5(concat_ws('|', jina, kati, ukoo, mtaa, bei))
```

Sasa mteja Asha aliandikishwa jina la kati likiwa Juma, na ukoo ukaachwa wazi, yaani NULL. Karani anagundua kwamba Juma ndilo jina la ukoo, analihamisha, na safu ya kati inabaki tupu. Mstari umebadilika kweli, lakini `concat_ws` huruka kila NULL, hivyo kabla na baada ya marekebisho maandishi ni yaleyale: `Asha|Juma|Magomeni|1200`. Alama haitabadilika, na marekebisho ya karani hayatafika kwenye ripoti. Ukiamua kuunganisha kwa `||` badala yake, NULL moja inafanya jibu lote kuwa NULL, na hapo mstari hauna alama kabisa.

Napendelea njia hii, kwa sababu PostgreSQL yenyewe hutunza nafasi ya kila safu, ikatofautisha NULL na maandishi matupu, na kuweka alama za kunukuu pale thamani inapokuwa na mkato ndani yake:

```sql
md5(row(jina, kati, ukoo, mtaa, bei)::text)
```

Alama za leo zikishawekwa katika jedwali la `leo`, na za jana katika `jana`, ulinganisho ni mfupi:

```sql
SELECT l.namba
FROM leo l LEFT JOIN jana j ON j.namba = l.namba
WHERE l.alama IS DISTINCT FROM j.alama;
```

Usiandike `<>` mahali pa `IS DISTINCT FROM`. Mteja mpya hana alama ya jana, na kulinganisha na NULL kwa `<>` hakutoi jibu la kweli, kwa hiyo atachujwa nje kimyakimya. Waliofutwa hutafutwa kwa upande wa pili: namba zilizomo `jana` ambazo hazimo `leo`.

Wasiwasi kwamba mistari miwili tofauti itagongana kwa bahati kwenye alama moja ni mdogo mno. MD5 ina biti 128. Ni kweli kwamba tangu 2004 inajulikana mtu anaweza kutengeneza mgongano kwa makusudi, kwa hiyo kama unahofia hila, tumia SHA-256. Kinachosumbua zaidi kila siku ni kengele za uongo. Bei ikiwa 1200 jana na leo ikasomeka 1200.00 kwa kuwa aina ya safu imebadilishwa, wateja wote 80,000 wataonekana wamebadilika usiku mmoja. Ndivyo ilivyo pia ukiongeza safu kwenye kanuni, au saa za eneo zikiwekwa tofauti wakati tarehe zinageuzwa maandishi. Ndiyo maana inafaa kuandika kila usiku idadi ya mistari iliyobadilika. Ikiruka ghafla hadi jedwali zima, kagua kanuni kabla ya kuamini data. Ikiwa sifuri wiki nzima, kagua pia.

Njia hii hulazimika kusoma jedwali lote kila mara. Kwa mistari 80,000 si kitu. Kwa mamia ya mamilioni ni mzigo mzito kwa kanzidata ya chanzo. Tena huona hali ya usiku tu. Bei iliyopandishwa asubuhi na kurudishwa jioni haitaonekana kamwe, na anayehitaji historia hiyo lazima asome kumbukumbu ya miamala ya kanzidata yenyewe.