Hii ni 3 au 8? Kulitoa Jedwali Ndani ya Video

Mwanafunzi alirekodi mhadhara kwa simu. Jedwali lilipotokea ukutani, akaigeuza simu upesi kutoka kwa mhadhiri. Nyumbani anaisimamisha video ili anakili, anakuta tarakimu zimeburuzika.

Kila fremu hukusanya mwanga kwa muda fulani, tuseme sehemu moja ya 50 ya sekunde. Picha ikisogea pikseli 500 kwa sekunde, ndani ya fremu hiyo moja husogea pikseli 10. Mstari wa tarakimu wenye unene wa pikseli 3 hutapakaa ukafifia. Simu ikienda kando, mistari ya wima ndiyo hufutika kwanza, na kinachotenganisha 8 na 3 ni ubavu wa kushoto, ambao umesimama wima.

Kwa hiyo, usianze kwa kusafisha fremu mbovu. Tafuta iliyo nzuri. Video ya fremu 25 kwa sekunde ina fremu 100 katika sekunde 4, na mkono hufika mahali ukatulia. Programu ya bure ya FFmpeg huzitoa zote:

```
ffmpeg -ss 00:41:10 -i mhadhara.mp4 -t 4 fremu_%03d.png
```

Chagua PNG, kwani JPEG huweka madoa kwenye kingo za herufi. Kisha panga mafaili kwa ukubwa. Kwa fremu zinazoonyesha jedwali lilelile, iliyo kali huwa na faili kubwa zaidi, kwa sababu ina kingo nyingi za kuhifadhiwa. Zikague kwa macho tano za juu.

Rekodi ya skrini haina kamera ya kutikisika. Ukungu wake hutokana na kubanwa kwa video, hasa slaidi inapobadilika. Sogea mbele sekunde moja au mbili, mara nyingi maandishi hukolea yenyewe.

Ikiwa fremu zote zimeburuzika, ipo njia ya kihisabati ya Richardson wa mwaka 1972 na Lucy wa 1974, ambayo hurudisha mwanga ulikotoka. Inahitaji kujua picha iliburuzwa kuelekea wapi na kwa pikseli ngapi. Ukiona mistari kama mawimbi inazunguka herufi, umezidisha. Mawimbi hayo yanaweza kuifanya 3 ionekane 8.

Fremu safi ipatikanapo, Tesseract huisoma:

```
tesseract fremu_063.png jedwali --psm 6
```

Mwisho, hakiki kwa hesabu. Tuseme safu inasomeka 33, 45, 61 na 56, na jumla iliyoandikwa ni 200. Ukijumlisha unapata 195. Zimepungua 5, tofauti ileile iliyopo kati ya 33 na 38: ubavu wa 8 ulifutika.

Jedwali lisilo na jumla halina shahidi huyo. Hapo tarakimu isiyosomeka iachie nafasi tupu, kisha umuulize mhadhiri.