ISO nne, safari nne

Debian 12 ilipotoka Juni 2023, mafaili ya kuisakinisha yaliwekwa kwenye seva zake yakiwa na ukubwa unaomchanganya mgeni. Moja lilikaribia gigabaiti 4, jingine halikufika hata moja, na dogo kuliko yote lilikuwa makumi ya megabaiti tu. Yote yanaishia na `.iso`, yote huandikwa kwenye flashi kwa njia moja, na yote yanaweza kuipa kompyuta mfumo uleule. Swali la kuuliza kabla ya kupakua ni moja: vifurushi vya programu vitatoka wapi siku ya kusakinisha?

Lile kubwa, linaloitwa DVD-1, limebeba vifurushi vyenyewe. Ndani yake kuna saraka ya `pool` yenye maelfu ya mafaili ya `.deb`, pamoja na kisakinishi kinachovifungua kimoja kimoja na kuvipanga kwenye diski. Eneokazi kamili kama GNOME linapatikana humohumo, bila intaneti. Chukua maabara ya shule yenye kompyuta 10. Ikiwa kila moja inahitaji gigabaiti moja na nusu za vifurushi, kusakinisha zote kupitia mtandao kutakula gigabaiti 15 za bando. DVD-1 hupakuliwa mara moja, kisha flashi ikapita kompyuta hadi kompyuta.

Lina usumbufu wake. Baada ya usakinishaji, faili la `/etc/apt/sources.list` linaweza kubaki na mstari unaoanza na `deb cdrom:`. Flashi ikishatolewa, jaribio la kuongeza programu hukwamia kwenye ombi la kuingiza diski. Mstari huo ukiwekewa alama ya `#` mwanzoni, na anwani ya seva ikiwepo chini yake, `apt` huendelea na kazi kupitia mtandao.

ISO ya moja kwa moja, yaani live, imejengwa kwa namna nyingine kabisa. Haina rundo la vifurushi vinavyosubiri kufunguliwa. Ina mfumo uliokwisha kusakinishwa, ukabanwa ndani ya faili moja, `filesystem.squashfs`. Kompyuta inapowaka, faili hilo husomwa tu, haliandikwi. Kila badiliko linalofanywa na mtumiaji hukaa kwenye tabaka la juu, ndani ya RAM. Ndiyo maana hati iliyohifadhiwa kwenye eneokazi hupotea kompyuta ikizimwa, na diski ya ndani hubaki kama ilivyokuwa. Tabaka hilo kwa kawaida huruhusiwa kutumia nusu ya RAM. Kwenye mashine ya gigabaiti 4, mtu akipakua video kubwa ataona ujumbe `No space left on device`, hata kama diski ya ndani ni tupu kabisa.

Faida yake ni kupima kabla ya kufuta chochote. Je, Waifai inashika? Sauti inatoka? Mwenye kununua kompyuta ya mtumba angefanya vyema kuanza na ISO hii. Akiridhika, kisakinishi cha Calamares kilichomo humo hunakili mfumo uleule uliobanwa na kuupeleka kwenye diski. Kazi huwa ya haraka, lakini hapati nafasi ya kuchagua vifurushi: anachokiona ndicho kinachosakinishwa.

Kati ya njia hizi kuna netinst. Hiyo hubeba kisakinishi na mfumo wa msingi pekee. Eneokazi na mengineyo huvutwa kutoka kwenye seva. Mtandao ukikosekana, usakinishaji bado unaweza kukamilika, ila kompyuta itawaka kwenye skrini nyeusi ya amri. Kwa mwenye seva, hicho ndicho hasa anachotaka. Kuanzia Debian 12, netinst imebeba pia programu ndogo ambazo chipu nyingi za Waifai huhitaji ili zifanye kazi. Zamani ilibidi mtu azitafute mwenyewe.

Dogo kuliko yote, `mini.iso`, halina hata mfumo wa msingi. Lina keneli na sehemu ya kwanza ya kisakinishi. Sehemu zilizobaki za kisakinishi chenyewe huvutwa mtandaoni. Kwa hiyo linahitaji waya wa mtandao tangu hatua za mwanzo, kwa sababu programu za Waifai hazimo. Tena huchakaa. Seva zikishapokea keneli mpya, faili la miezi kadhaa nyuma huanza vizuri, likaunganika, kisha likasimama na ujumbe:

```
No kernel modules were found.
```

Wengi hudhani flashi imeharibika na kuliandika upya faili lilelile, bila mafanikio. Keneli iliyomo kwenye flashi hailingani tena na moduli zilizoko kwenye seva. Tiba ni kupakua `mini.iso` mpya, au kuhamia netinst, ambayo moduli zake imekuja nazo.