Miezi kumi na tisa ya dalali: je, tununue Haisi ya Nachingwea–Ruangwa?

Kamati yetu ya msikiti imekabidhiwa shilingi milioni 40. Ni michango ya miaka sita, na waliochanga waliweka sharti moja: mtaji usiliwe, bali faida yake ndiyo ilipe posho za walimu wa madrasa. Mwezi uliopita dalali alitujia na Haisi iliyotumika, akapendekeza tuitie katika njia ya kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa. Muuzaji anataka milioni 37.5. Tukiongeza kuhamisha umiliki, bima, leseni ya LATRA na matairi mapya, jumla inatimia milioni 40.

Dalali alikuwa na hesabu yake tayari. Dereva huleta shilingi 85,000 kila siku, akiwa ameshatoa mafuta, ujira wake na wa utingo. Zidisha kwa siku 300, utapata milioni 25.5 kwa mwaka. Kwa hiyo, alisema, mtaji wenu utarudi ndani ya miezi 19, na baada ya hapo ni kula tu. Baadhi yetu walikwisha kusema Bismillah.

Kipimo alichotumia kinaitwa muda wa kurejesha mtaji. Si kipimo kibaya, ndugu msomaji. Kinaeleza fedha itakaa hatarini kwa muda gani kabla ya kurejea mikononi, na kwa gari kuukuu hilo ni swali la haki. Kasoro ya kwanza ilikuwa katika tarakimu alizokitilia. Siku 300 ni za gari lisiloharibika na barabara isiyonyeshewa. Tulikaa na madereva wawili wa stendi, nao wakatukadiria siku 260 katika mwaka wa kwanza, baada ya kutoa siku za gereji na siku za matope ya masika. Siku 260 kwa shilingi 85,000 ni milioni 22.1. Tena yapo yanayomhusu mwenye gari na wala si dereva: matairi, sevisi, springi, bima, leseni na kodi. Tuliyakadiria kuwa milioni 6.1. Zikabaki milioni 16.

Mwaka wa pili gari limechoka zaidi, tukaandika milioni 13, na wa tatu milioni 11. Mwaka wa nne injini itahitaji kufunguliwa yote, kwa hiyo tukaandika milioni 6. Mwaka wa tano milioni 5, kisha tuliuze kwa milioni 8, jumla 13. Ukijumlisha miaka mitatu ya mwanzo unapata 40 kamili. Miezi 19 ya dalali imekuwa miaka mitatu, na wala hatujabadilisha kipimo. Wazee wa Nachingwea wanajua makisio matamu hufikia wapi. Reli iliyojengwa kupeleka karanga bandarini Mtwara ilikuja kufungwa baada ya mpango wenyewe wa karanga kuachwa mwaka 1951.

Kasoro ya pili imo ndani ya kipimo chenyewe. Kinaihesabu shilingi ya mwaka wa tatu kuwa sawa na shilingi ya leo, na mtaji ukisharudi kinafumba macho. Injini ya mwaka wa nne hakiioni, wala bei ya kuuzia gari. Hapo ndipo inapohitajika thamani halisi ya sasa. Maana yake ni kulirudisha kila pato la baadaye katika thamani yake ya leo, kuyajumlisha yote, kisha kutoa gharama ya kununulia.

Ili kurudisha huko tunahitaji kiwango, na hapa mzee mmoja aliuliza kwa ukali: hii si riba? Swali lake lilistahili jibu. Riba ni nyongeza inayoshurutishwa juu ya deni, na hapa hakuna anayemkopesha mwenziwe. Tunachopima ni faida ya halali tunayoiacha kwa kuchagua gari. Mchumi Muislamu Muhammad Anas Zarqa aliandika mwaka 1983 akitetea njia hii ya kupima miradi, maadamu kiwango kinatokana na vitega uchumi halali vinavyoshindana na mradi, si riba ya benki. Sisi tulikuwa na mshindani wa aina hiyo: fremu za duka karibu na stendi, ambazo kwa milioni zile zile 40 zingeleta kodi ya milioni 6 kwa mwaka. Hiyo ni asilimia 15.

Basi shilingi 1,150,000 za mwakani ni sawa na 1,000,000 za leo. Milioni 16 za mwaka wa kwanza tunazigawa kwa 1.15, tunapata milioni 13.9. Za mwaka wa pili tunazigawa mara mbili, milioni 13 zinakuwa 9.8. Tukiendelea hivyo, mwaka wa tatu unatoa 7.2, wa nne 3.4 na wa tano 6.5. Jumla ni kama milioni 40.9. Toa 40, ziada ni laki tisa hivi.

Laki tisa kwa miaka mitano ya kuhangaika na mafundi! Maana yake si kwamba gari halileti kitu. Linaleta asilimia 15 kama fremu, na kinyenyele juu yake. Lakini ziada hiyo ni nyembamba mno. Tukiliuza mwaka wa tano kwa milioni 4 badala ya 8, inageuka kuwa upungufu wa milioni 1.1, ilhali muda wa kurejesha mtaji unabaki miaka mitatu ile ile, kwa kuwa mauzo yanakuja baada ya mtaji kurudi. Zaidi ya hayo, fremu haipinduki wala haikamatwi barabarani. Gari lina hatari kubwa zaidi, na mwenye kubeba hatari anapaswa kudai faida kubwa zaidi. Tukidai asilimia 20, mapato yote ya miaka mitano yana thamani ya milioni 36.8 tu leo, pungufu ya gharama kwa milioni 3.2.

Jambo moja lilitugawa. Mradi wa lami wa Nanganga–Ruangwa–Nachingwea utapunguza gharama za springi na matairi, na vijana walitaka tuongeze mapato kwa sababu hiyo. Tulikataa. LATRA hupanga nauli ya lami kuwa ndogo kuliko ya vumbi kwa kila kilomita, na barabara nzuri huvuta magari mengine, hata mabasi makubwa. Tuliacha makisio yalivyo.

Faida ya hesabu hii ni kwamba inatupa bei. Kwa kudai asilimia 20, tusitoe zaidi ya milioni 36.8 kwa jumla. Tukiondoa zile milioni 2.5 za bima, leseni na mengineyo, zinabaki 34.3 za gari lenyewe. Tulimwambia muuzaji milioni 34. Ameshuka hadi 36 na anasema hapo ndipo mwisho. Kwa bei hiyo, kiwango cha fremu kinatupa ziada ya milioni 2.4, na kiwango cha asilimia 20 kinatupa upungufu wa milioni 1.7. Kamati itakutana Jumamosi baada ya Isha, na ajenda ni moja: ni kiwango kipi kati ya hivyo viwili tunachoweza kukitetea mbele ya waliochanga.