Jina la kiwanda chako lina thamani, lakini mizania hailioni. Kwa nini?

Bariadi. Mwenye kiwanda anaingia benki kuomba mkopo. Bidhaa yake inajulikana kuanzia Bariadi mjini mpaka Maswa na Meatu. Watoto wanaitaja kwa jina na wenye maduka wanaiagiza bila kushawishiwa. Ofisa mikopo anafungua hesabu zilizokaguliwa, anashuka na kidole kwenye orodha ya mali: jengo, mashine, gari, jasi iliyopo stoo, fedha benki. Hilo jina analojivunia mwenye kiwanda halipo. Sifuri.

Ukiangalia vizuri, kuna mstari mmoja mdogo umeandikwa "gharama za uendelezaji wa bidhaa, Sh18 milioni". Yaani kitu kisichoshikika kimeingia, ila jina ambalo kila mtu analijua limeachwa nje.

Si kosa la mhasibu. Ndivyo kanuni inavyotaka, na Simiyu, mkoa uliojitangaza kwa chaki za Maswa na maziwa ya Meatu, ni mahali pazuri pa kuielewa.

Kanuni yenyewe

Tanzania inatumia viwango vya kimataifa vya uhasibu, IFRS, tangu Julai 1, 2004, chini ya usimamizi wa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA). Kiwango kinachohusu mali zisizoshikika kinaitwa IAS 38.

Kiwango hiki kinasema wazi kwamba chapa, yaani brandi, iliyojengwa na kampuni yenyewe haiingii kwenye mizania. Orodha ya wateja uliyoitengeneza mwenyewe nayo haiingii. Hapa hakuna "inategemea".

Lakini kiwango hichohicho kinasema gharama za kuendeleza bidhaa mpya zikitimiza masharti fulani, zinaandikwa upande wa mali.

Chukua kiwanda cha mfano

Tuseme kuna kiwanda cha chaki Simiyu, cha kufikirika tu, kinachotaka kutengeneza chaki isiyotoa vumbi. Mwaka mzima kimetumia Sh72 milioni kwa mambo matatu.

La kwanza ni kujenga jina. Matangazo ya redio, mabango barabarani, jezi za ligi ya kata na kupaka rangi gari la mizigo: Sh30 milioni.

La pili ni utafiti. Januari hadi Machi mafundi walikuwa wanatafuta mchanganyiko unaofaa, wakijaribu jasi ya aina tofauti na viungo vya kuzuia vumbi, bila kujua kama itawezekana: Sh18 milioni.

La tatu ni uendelezaji. Mwishoni mwa Machi mchanganyiko mmoja ulikubali. Chaki haikatiki ovyo, haitoi vumbi na inafutika. Kuanzia Aprili hadi Juni kiwanda kilitengeneza sampuli za mwisho, kikalipia vipimo vya ubora, kikalipa mishahara ya mafundi wawili waliokuwa kwenye mradi huo tu, na kikafundisha wafanyakazi kazi mpya: Sh24 milioni. Uzalishaji wa kuuza ukaanza Julai 1.

Sasa mhasibu anazigawaje?

Sh30 milioni za jina: zote ni matumizi

Jiulize swali moja: jina la kiwanda lilijengwa na nini hasa? Tangazo la redio lilichangia. Lakini pia dereva aliyefikisha mzigo kwa wakati, fundi aliyehakikisha chaki haikatiki, na karani aliyempokea mteja vizuri. Mishahara yao yote ilichangia jina. Huwezi kuchora mstari ukasema hizi ni gharama za kujenga jina na hizi ni za kuendesha kiwanda.

Hiyo ndiyo sababu inayotolewa na kiwango chenyewe: gharama ya kujenga chapa haiwezi kutenganishwa na gharama ya kuendeleza biashara nzima. Kisichopimika gharama yake kwa uhakika hakiingii kwenye mizania.

Mtu anaweza kusema, basi tuandike thamani yake badala ya gharama. Tatizo ni kwamba hakuna mnada wa majina. Ng'ombe ukimpeleka mnadani utajua bei yake leoleo, kwa sababu wapo wengine wanaofanana naye. Jina la kiwanda ni moja tu duniani. Bei yake ingekuwa ile anayoitamka mwenyewe, na mwenye kuomba mkopo hawezi kutamka ndogo.

Cheti cha alama ya biashara kutoka BRELA nacho hakibadilishi hili. Kinakulinda mtu asiibe jina lako, lakini hakisemi lina thamani ya shilingi ngapi.

Sh18 milioni za utafiti: nazo ni matumizi

Katika hatua hii hakuna aliyejua kama chaki hiyo itapatikana. Pesa iliyotumika kutafuta ambacho huenda kisipatikane haiwezi kuitwa mali. Na hata bidhaa ikifanikiwa baadaye, hairuhusiwi kurudi nyuma kuzifufua hizo Sh18 milioni. Zikishaandikwa matumizi, zimekwenda.

Sh24 milioni za uendelezaji: hapa mlango unafunguka

Ili gharama iingie upande wa mali, kampuni lazima ioneshe mambo sita kwa pamoja. Kwamba bidhaa inawezekana kitaalamu. Kwamba kampuni imekusudia kuimaliza. Kwamba itaweza kuitumia au kuiuza. Kwamba itaingiza faida, kwa mfano soko lipo. Kwamba fedha na vifaa vya kumalizia vipo. Na kwamba gharama zake zinapimika kwa uhakika. Likikosekana moja, yote yanaanguka.

Tofauti na jina, hapa mstari unachorwa. Kuna tarehe ya kuanza, siku sampuli ilipofaulu. Kuna risiti za malighafi na vipimo. Kuna daftari la saa za mafundi wawili.

Ila si Sh24 milioni zote. Ndani yake Sh4 milioni zilikuwa za kufundisha wafanyakazi, na mafunzo siku zote ni matumizi. Zinabaki Sh20 milioni.

Mali hiyo haikai milele. Kiwanda kikikadiria mchanganyiko utatumika miaka mitano, kila mwaka Sh4 milioni zinahamishiwa kwenye matumizi. Kwa kuwa mauzo yalianza Julai, mwaka wa kwanza ni nusu, Sh2 milioni. Ndiyo maana ofisa wa benki aliona Sh18 milioni.

Hesabu inakaa hivi: Sh30 milioni, Sh18 milioni, Sh4 milioni na Sh2 milioni, jumla Sh54 milioni, zimepunguza faida ya mwaka. Sh18 milioni zimebaki kwenye mizania. Ukijumlisha unapata zile Sh72 milioni.

Serengeti imo, Tusker haimo

Kuna njia moja ya jina kuingia vitabuni: linunuliwe.

Mwaka 2010 kampuni ya bia ya East African Breweries (EABL) ya Kenya ilinunua asilimia 51 ya Serengeti Breweries ya Tanzania. Kampuni ikinunua nyingine, kanuni inaitaka itenganishe kila kilichomo kwenye bei iliyolipa, majina ya bidhaa yakiwemo. Hivyo chapa ya Serengeti ikaingia kwenye mizania ya kundi la EABL kama mali.

Tusker, bia ya EABL yenyewe tangu miaka ya 1920, haikuingia kwa njia hiyo. Imejengwa nyumbani. Mtu anayesoma mizania bila kujua kanuni anaweza kudhani Serengeti ina thamani kuliko Tusker. Ukweli ni kwamba moja ina bei iliyolipwa na watu wawili waliokubaliana, nyingine haijawahi kuuzwa.

Kiwanda chetu cha chaki kikiuzwa kesho, mambo yatakuwa hayohayo. Thamani ya jina itaonekana kwenye vitabu vya mnunuzi, si vya aliyelijenga.

Wengi wanapojikwaa

Kosa la kwanza ni tarehe. Desemba inafika, faida ni ndogo, mtu anakumbuka kulikuwa na mradi na anaanza kuhamisha gharama za Januari kwenda upande wa mali. Mkaguzi hugundua kirahisi: gharama zimeanza kuhesabiwa kabla ya majibu ya vipimo, hakuna kumbukumbu za kikao kilichoamua kuendelea, wala hakuna daftari la saa za mafundi.

Kosa la pili ni kuacha mali ikae wakati bidhaa imekufa. Chaki ikikataliwa sokoni mwakani, zile Sh18 milioni hazisubiri miaka iishe. Zinapunguzwa mara moja mpaka kiasi kinachoweza kurudi, hata kama ni sifuri.

La tatu ndilo linalowagusa wengi Simiyu. Kampuni ndogo na za kati zinaruhusiwa kutumia toleo jepesi la viwango hivi, IFRS kwa SMEs. Toleo hilo limefunga mlango kabisa: utafiti na uendelezaji vyote ni matumizi, bila kujali masharti sita. Kiwanda chetu kikitumia toleo hilo, Sh72 milioni zote zinapunguza faida ya mwaka, na ule mstari wa Sh18 milioni unafutika.

Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mhasibu, mwenye kiwanda aangalie kwanza hesabu zake zimeandaliwa kwa toleo lipi. Limeandikwa kwenye maelezo ya mwanzo ya taarifa ya fedha. Toleo kamili linaruhusu zaidi, ila linadai maelezo mengi zaidi na ada ya ukaguzi inaweza kupanda.

Basi ofisa wa benki afanye nini na jina?

Jina halijapotea, liko sehemu nyingine ya hesabu. Kama wateja wanarudi kwa sababu ya jina, itaonekana kwenye mauzo yanayopanda bila matangazo kuongezeka, na kwenye bei iliyo juu kidogo ya washindani huku mzigo ukiisha.

Mwombaji mkopo anayejua hilo habishani kuhusu mizania. Anapeleka mauzo ya miaka mitatu, oda za shule na maduka, na cheti cha BRELA. Mizania inaonesha kilichogharimu na kikapimika. Jina litajieleza kwa mauzo.